Je, wajua kwa nini 27 kati ya 40 inaishinda 33 kati ya 50?

“Mwanangu kapata 27 kati ya 40 Hisabati, na 33 kati ya 50 Sayansi. Nitajuaje kafanya vizuri zaidi wapi?”

Hisabati, ila kwa tofauti ndogo. Alama 33 zinavutia macho, lakini mitihani hiyo haikuwa na jumla moja. Ukitafuta asilimia unauliza hivi: kila mtihani ungekuwa na alama 100, mtoto angepata ngapi?

Sayansi ni rahisi. 50 ukiizidisha kwa 2 unapata 100, basi na 33 izidishe kwa 2: ni 66%. Kwenye Hisabati, 40 haigawi 100 bila baki, kwa hiyo tunagawanya kiasi kwa asili, yaani 27 kwa 40. 40 haiingii kwenye 27, basi andika 0 na nukta, kisha ifanye 27 iwe 270. Humo 40 inaingia mara 6, inabaki 30. Ifanye 300: inaingia mara 7, inabaki 20. Ifanye 200: mara 5, hakuna baki. Jibu ni 0.675. Zidisha kwa 100, yaani sogeza nukta nafasi mbili kulia, upate 67.5%.

Kurudi nyuma, nukta inasogea nafasi mbili kushoto: 67.5% inakuwa 0.675. Kuna tarakimu tatu baada ya nukta, kwa hiyo sehemu yake ni 675/1000. Gawanya juu na chini kwa 25, na 27/40 yako hiyo hapo.

Wengi hukosea kwenye nukta. 0.8 si 8%. Iandike 0.80 na utaona mara moja kwamba ni 80%. 8% ni 0.08. Nayo 0.5% si nusu ya kitu. Ni 0.005, yaani shilingi 5 katika kila 1,000.

Kosa la nukta mara nyingi hujionyesha lenyewe ukitazama ukubwa wa jibu. Chukua VAT ya 18% ya Tanzania Bara kwenye bidhaa ya shilingi 20,000 kabla ya kodi. 20,000 mara 0.18 ni shilingi 3,600. Ukiandika 1.8 kwenye kikokotoo, kodi inakuja 36,000, imeipita hata bei ya bidhaa!

Zipo pia sehemu zisizokubali kwisha. Gawanya 1 kwa 3 na utaandika 0.333 hadi karatasi iishe, kwa hiyo watu hukata na kuandika 33%. Lakini 33% ukiirudisha ni 33/100, siyo theluthi. Kwenye shule ya wanafunzi 300, theluthi ni 100, ila 33% ni 99. Kama sehemu yenyewe unayo, piga hesabu kwa 1/3 na asilimia uiandike mwishoni.