Usiku Bitcoin ilipokatwa nusu, huku dola zikimiminwa

Tarehe 11 Mei 2020, saa 4 na dakika 23 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, nilikuwa mbele ya kompyuta nikisubiri bloku namba 630,000 ya Bitcoin, yaani ukurasa mpya wa daftari la miamala yake. Ilikuwa Ramadhani, na wenzangu walikuwa wamejilaza wakingoja daku. Bloku ikaingia kimya kimya, na kuanzia hapo mchimbaji, yaani mwenye kompyuta inayoshindana kuongeza bloku, aliyekuwa akilipwa sarafu 12.5 mpya kwa kila bloku akawa analipwa 6.25.

Mchimbaji wa bloku iliyotangulia, 629,999, alikuwa ameacha ujumbe ndani yake: kichwa cha habari cha gazeti la New York Times cha tarehe 9 Aprili, kuhusu dola trilioni 2.3 ambazo Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imetangaza kuzimwaga. Ni kijembe, na kimepangwa vizuri. Lakini vijembe huficha mambo, kwa hiyo tuangalie pande zote mbili zilikuwa zinafanya nini hasa.

Upande wa Bitcoin, uamuzi wote umo katika mistari hii michache ya programu:

```
int halvings = nHeight / consensusParams.nSubsidyHalvingInterval;
if (halvings >= 64) return 0;
CAmount nSubsidy = 50 * COIN;
nSubsidy >>= halvings;
```

Chukua namba ya bloku, gawanya kwa 210,000, tupa mabaki. Kwa 630,000 unapata 3, basi 50 inakatwa nusu mara tatu: 25, 12.5, 6.25. Bloku 210,000 za kwanza zilitoa sarafu milioni 10.5, kundi la pili milioni 5.25, la tatu milioni 2.625. Jumla usiku ule ilikuwa milioni 18.375. Endelea kujumlisha hivyo hivyo na utaikaribia milioni 21 bila kuivuka. Ndiyo maana ukisoma programu yote huoni mahali palipoandikwa "mwisho milioni 21" kama sheria ya utoaji. Ukomo unatokana na hesabu yenyewe.

(Kuna jamaa aliniuliza kama sarafu zake zingebaki nusu asubuhi. Hapana. Kinachokatwa ni sarafu mpya tu.)

Je, mchimbaji angejilipa 12.5 kama jana yake? Angeweza kuiunda bloku hiyo, lakini kila kompyuta inayohakiki mtandao, hata ile yangu kuukuu, ingeikataa kwa kosa la `bad-cb-amount`, yaani malipo yamezidi kiwango, na umeme wake ungekuwa umeteketea bure.

Sasa upande wa dola. Watu husema "wanachapisha noti", lakini karatasi ni sehemu ndogo sana. Benki Kuu ya Marekani inaponunua hatifungani za serikali kutoka kwa dalali, inaongeza tarakimu kwenye akaunti ambayo benki ya dalali huyo inaitunza katika Benki Kuu hiyo, na benki nayo inamwongezea dalali salio. Fedha hiyo haikuwepo dakika moja kabla. Mwishoni mwa Februari 2020 mizania ya Benki Kuu hiyo ilikuwa kama dola trilioni 4.2, mwanzoni mwa Juni ilikuwa imepita trilioni 7.

Kijembe hakisemi kwamba tarakimu hizo pia hufutwa. Hatifungani inapoiva na Benki Kuu isinunue nyingine, fedha inatoweka kwa njia ile ile iliyoingilia. Kuanzia Juni 2022 Wamarekani walifanya hivyo, mizania ikashuka kutoka karibu trilioni 9. Isitoshe, sehemu kubwa ya fedha iliyo mikononi mwa watu haitoki Benki Kuu, inatoka kwa benki za biashara: ukipewa mkopo, benki inaandika salio jipya kwenye akaunti yako. Benki Kuu huisukuma au kuizuia kazi hiyo kwa riba.

Bitcoin haina mkono huo. Machi 2020 watu walipokimbilia fedha taslimu, ratiba iliendelea kutoa sarafu zile zile 1,800 hivi kwa siku. Baada ya Mei zikawa 900, sawa na ongezeko la asilimia 1.8 kwa mwaka, pawe na njaa au shibe. Wachimbaji wakiongezeka, mtandao unapandisha ugumu wa kuchimba kila bloku 2,016 ili bloku zirudi kwenye wastani wa dakika 10. Kwa kuwa wingi hauyumbi, mzigo wote wa mahitaji unabebwa na bei: dola 8,600 hivi usiku ule, karibu 69,000 Novemba 2021, kisha chini ya 16,000 mwaka mmoja baadaye. Mwenye duka hawezi kupanga bei ya unga kwa kipimo hicho, na hapa naona wafuasi wengi wa Bitcoin wanajidanganya: wingi thabiti hauleti thamani thabiti.

Aprili 2024, kwenye bloku 840,000, malipo yalishuka tena hadi 3.125. Kila mkato unawaacha wachimbaji wakitegemea zaidi ada za miamala, na ada hizo hazina ratiba.