Mshauri, jadili, tathmini: dhana potofu zinazokula alama kwenye mtihani wa sheria

Mwanafunzi wa sheria anaweza kuijua mada yote ya mikataba na bado akatoka na nusu ya alama. Ukisoma karatasi yake unakuta vifungu vipo na kesi zipo, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa. Kilichomponza ni kitenzi cha kwanza cha swali, ambacho wengi hukiruka wakikimbilia mada.

Tuchukue mkasa mmoja wa kubuni. Moto umezuka usiku kwenye duka la Salma sokoni. Bakari, mwenye kibanda kilichopakana na duka hilo, ameuzima bila kuombwa na mtu, akaungua mkono. Siku tatu baadaye Salma anamwambia mbele ya majirani wawili: "Nitakupa laki tano kwa ulichonifanyia." Mwezi unapita, Salma anakataa kulipa. Sheria inayohusika ni Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345.

Dhana: "Mshauri Bakari" maana yake mtetee Bakari.

Wengine huenda mbali zaidi, wakamshauri kama mjomba: asamehe, jirani ni jirani. Hilo tuliache barazani. Kosa la kawaida zaidi ni kuandika hoja za upande wake tu, kana kwamba mwanafunzi yuko mbele ya hakimu.

Ukweli ni kwamba anayeshauri yuko ofisini na mteja, mlango umefungwa. Mteja anataka kujua mambo matatu: nina haki gani, upande wa pili utanipiga wapi, na nifanye nini sasa. Jibu lisilogusa la pili na la tatu halijashauri.

Kwa Bakari, jibu huanza na kizingiti. Kifungu cha 25(1) kinasema mapatano yasiyo na malipo ni batili. Malipo hapa si lazima yawe fedha. Ni kile ambacho upande mmoja umetoa, umetenda au umejizuia kutenda kwa matakwa ya aliyeahidi. Kifungu cha 2(1)(d) kinakubali hata tendo lililokwishafanyika, lakini lazima liwe limefanyika kwa matakwa hayo. Salma hakuomba kitu. Njia hiyo ni ngumu kwa Bakari.

Inabaki hali ambayo kifungu cha 25(1)(b) kinaitoa nje ya ubatili huo: ahadi ya kumfidia mtu ambaye tayari amemtendea aliyeahidi jambo kwa hiari yake. Hapa ndipo mkasa unapaswa kufanyiwa kazi, neno kwa neno. Tendo limekwishafanyika, ndiyo. Kwa hiari, ndiyo. Je, alimtendea Salma? Wakili wa Salma atauliza mara moja kuhusu kile kibanda, kwamba Bakari alikuwa akiokoa mali yake mwenyewe, na duka likapona kwa bahati. Bakari lazima aambiwe hilo kabla hajalisikia mahakamani. Atajibu kwa maneno ya Salma mwenyewe, "kwa ulichonifanyia", yanayoonyesha kwamba Salma alilipokea tendo lile kama alilotendewa yeye, tena aliahidi kurudisha fadhila kwa jambo mahususi.

Kifungu hicho hakidai maandishi, kwa hiyo ahadi ya mdomo inatosha. Ushahidi wake ndio majirani wawili. Ushauri wenyewe, basi: una dai lenye nguvu, lakini linasimama juu ya majirani hao na juu ya suala la kibanda. Waulize kama wako tayari kusema walichosikia, mwandikie Salma barua ya madai ya laki tano, na akikataa, ufungue shauri la kuvunja mkataba. Mkasa ukiwa umeficha jambo, kwa mfano hausemi moto ulikuwa umefika kibandani au la, usibuni. Andika pande zote mbili: kama ulikuwa umefika, dai linadhoofika hivi, kama haukuwa, linaimarika hivi.

Swali likibadilika kuwa "Mshauri Salma", sheria haibadiliki hata nukta. Ila lile swali la kibanda linatoka kwenye orodha ya hatari na kuwa silaha ya kwanza.

Dhana: "Jadili" ni ruhusa ya kumwaga kila unachojua.

Sema swali ni hili: "Tendo lililokwishafanyika haliwezi kuipa nguvu ahadi iliyotolewa baadaye. Jadili, kwa kurejelea sheria ya Tanzania." Bakari na Salma hawapo tena. Kuna kauli, na kazi yako ni kuipima mpaka useme ni kweli kwa kiasi gani.

Kauli hiyo ni sahihi kama kanuni ya jumla ya Uingereza. Katika kesi ya Roscorla dhidi ya Thomas ya 1842, muuzaji wa farasi aliahidi kwamba farasi ni mzima baada ya mauzo kukamilika, na ahadi hiyo haikumbana. Lakini hata huko, Lampleigh dhidi ya Braithwait ya 1615 ilikubali ahadi iliyofuata tendo lililofanyika kwa kuombwa. Tanzania imekwenda mbele zaidi, kwa sababu sheria yake ya mikataba imefuata kielelezo cha ile ya India ya 1872: tendo la kuombwa limo ndani ya tafsiri yenyewe ya malipo, na la hiari linaokolewa na 25(1)(b). Ukifika hapo unaweza kusema kwamba kwa Tanzania kauli hiyo ni pana mno. Mjadala usiofika kwenye msimamo ni orodha tu. Umri wa kufanya mkataba, shuruti na udanganyifu havina nafasi hapa, hata kama umevikariri vizuri.

Dhana: kutathmini kwa jicho la uhakiki ni kutafuta kasoro.

Hii naikuta zaidi kwa wanafunzi wazuri. Wakiona neno "uhakiki" wanaishambulia sheria ukurasa mzima. Kinachotakiwa ni hukumu kuhusu ubora wa kitu, na hukumu haiwezekani bila kipimo. Kwa hiyo sentensi za mwanzo zitaje kipimo: je, kifungu cha 25(1)(b) kinamtendea haki mfadhili bila kufungua mlango wa madai ya uongo?

Kisha pima. Linganisha na majirani zake ndani ya kifungu hichohicho. Aya (a), ya ahadi kati ya ndugu wa karibu kwa ajili ya mapenzi, inataka maandishi na usajili. Aya (c), ya deni lililopitwa na muda, inataka maandishi na saini. Aya (b) pekee haitaki lolote. Je, ni uzembe wa mtunga sheria? Mtu anaweza kusema hivyo, maana dai la mdomo ni rahisi kubuniwa. Lakini shukrani hutamkwa papo hapo, mara nyingi bila kalamu. Ukidai maandishi, akina Bakari wengi watabaki nje. Mimi ningehitimisha kwamba kifungu kinafaulu kwa haki na kinayumba kwa uhakika, na kwamba mzigo wa kuthibitisha alionao mdai unafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Msahihishaji anaweza kukataa hitimisho langu na bado akatoa alama zote, mradi aone kipimo, ushahidi wa pande mbili na hukumu inayotokana navyo.

"Eleza", kwa upande mwingine, haidai hukumu. Ukiulizwa ueleze masharti ya 25(1)(b), yataje, yafafanue kwa mfano mmoja, uende swali linalofuata. Maoni yako kuhusu ubora wa kifungu hayataongeza alama, na dakika kumi ulizoyapa zilikuwa za Bakari.