Chumba cha kusomea maktaba: dhana potofu kuhusu rafu, mwanga na kimya

Chukua darasa la kawaida jijini Dar es Salaam linalogeuzwa kuwa maktaba ya shule. Urefu ni mita 9, upana mita 6, na kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Kaskazini kuna madirisha matatu, moja katika kila mita 3. Kusini yapo mawili, na nafasi ya tatu, upande wa mashariki, imechukuliwa na mlango. Chumba hiki kinatosha kabisa, ila kuna mambo manne yanayoaminiwa sana ambayo hukiharibu.

Dhana: Rafu zifuate kuta zote, meza zikae katikati.

Ukifanya hivyo, rafu zinaziba madirisha, na kila anayefuata kitabu anapita mgongoni mwa wasomaji wote. Rafu zinakaa vizuri zaidi zikianzia ukutani, pale katikati ya dirisha na dirisha, na kuelekea ndani ya chumba. Mwanga unapita kati yake bila kuzuiwa. Katika darasa letu zinaingia rafu nne za pande mbili, mbili kila upande, kila moja ikiwa na urefu wa mita 1.8 na unene wa sentimita 50. Katikati inabaki njia ya mita 2.4, na chumba kinagawanyika chenyewe kuwa vijumba sita vilivyo wazi upande wa njia. Umbali kati ya rafu na rafu unalingana na umbali kati ya madirisha, hivyo mgeni akisimama mlangoni anauelewa mpangilio mara moja.

Meza ya kila kijumba iguse ukuta wa dirisha kwa upande wake mfupi, ili mwanga umfikie msomaji kutoka ubavuni. Akikaa kulitazama dirisha, macho yanachoka upesi.

Rafu hizi za katikati zisizidi mita 1.2 kwenda juu. Zikiwa na ngazi tatu na kujazwa robo tatu tu, zinabeba vitabu karibu 1,000. Vinavyobaki viende kwenye rafu ndefu za kuta za mashariki na magharibi, zisizo na madirisha, zikiachwa sentimita chache kutoka ukutani ili unyevu usivifikie vitabu.

Dhana: Jua likiingia kwa wingi, chumba ni kizuri kwa kusoma.

Msomaji anahitaji mwanga wa anga. Jua lenyewe linamuumiza. Alvar Aalto, msanifu majengo wa Ufini, katika maktaba ya mji wa Viipuri iliyofunguliwa 1935, alitoboa dari matundu 57 ya mwanga, yenye kina cha kutosha kuzuia miale isifike mezani moja kwa moja. Na huko ni kaskazini ya mbali, ambako jua ni la kutafuta.

Kwetu dirisha baya zaidi ni la magharibi, maana jua la jioni liko chini na upenu haulizuii. Ukuta wa kaskazini unalindika kirahisi. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam huwa kaskazini, kiasi cha nyuzi 60 juu ya upeo. Dirisha la kimo cha mita 1.5 linahitaji upenu wa sentimita 90 hivi, ukianzia usawa wa juu wa dirisha. Kusini jua hupanda juu zaidi hata Desemba, kwa hiyo upenu mfupi zaidi unatosha.

Kujua kama jua linaingia, vuta kitabu kimoja kwenye rafu iliyo karibu na dirisha. Kama mgongo wake umepauka huku jalada lililobanwa na jirani yake bado lina rangi kamili, rafu hiyo inapigwa na jua.

Dhana: Kibao cha "KIMYA" kinatosha.

Kimya kinatokana na nani anapita wapi. Vitabu vinavyoazimwa sana, kama riwaya na vya kiada, viwe karibu na mlango. Kamusi na marejeo viende magharibi, ambako watu hukaa muda mrefu na kuinuka mara chache. Magazeti yakae kando ya mlango. Rafu fupi haizuii sauti, inapita juu yake. Kwa hiyo umbali ndio kinga. Miguu ya viti ivishwe vipande vya mpira wa tairi la ndani la baiskeli, kwani kiti kinachoburutwa sakafuni kinasumbua kuliko mnong'ono. Mvua juu ya bati ni jambo jingine: hapo dawa ni dari ya bodi laini.

Dhana: Kaunta iwe katikati ili mkutubi aone kila kitu.

Kaunta ndiyo sehemu yenye maneno mengi kuliko zote: maswali, muhuri, vitabu vinavyorudishwa. Iwekwe kijumba cha kaskazini-mashariki, ikielekea mlango. Kutoka hapo mkutubi anaona anayeingia na anayetoka, njia yote ya kati, na akisimama anaona juu ya rafu hadi ukuta wa magharibi. Sehemu moja ya kaunta ishuke hadi sentimita 75, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu waweze kukabidhi kitabu wenyewe.