Kitambaa kinene si ndiyo begi imara?

"Nimetumiwa picha ya begi la shule, kitambaa kinaonekana kinene na kimeandikwa 1680D. Si litadumu?"

Hiyo 1680D inataja uzito wa uzi uliofumwa, basi. Begi linalobeba vitabu kila siku mara nyingi huharibika zipu au mshono wakati kitambaa bado kizima.

Anza na zipu kubwa. Vuta picha karibu na kichwa chake. Nyuma yake mara nyingi kuna namba, 5, 8 au 10, ambayo ni takriban upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Namba haisomeki? Linganisha na mkanda wa bega. Tuseme mkanda una milimita 25 na meno yanachukua sehemu ya tano ya upana huo: hiyo ni namba 5. Kwa mfuko wa daftari inatosha, ila kwa mfuko mkuu wa vitabu ni nyembamba. Tafuta 8 au 10. Angalia pia kona. Zipu inayokata kona kali hulazimisha kichwa kipinde kila kikipita, kikalegea, na meno yakaachia nyuma yake.

Kisha omba picha ya ndani, bitana ikiwa imegeuzwa nje. (Muuzaji akikataa, mimi ningeacha.) Ukingo wa mshono ufunikwe kwa utepe. Ukiona nyuzi zinachomoza na mshono umepita milimita 3 tu kutoka ukingoni, kitambaa kitachomoka hapo, hata kiwe kinene vipi.