Mto Uliochoka Haukati Shingo

Nimesahihisha majibu ya jiografia kwa miaka mingi, na katika kila rundo la karatasi nakutana na sentensi ileile: mto ukifika tambarare huwa umezeeka na kuchoka, kasi imepungua, kwa hiyo ukikutana na kizuizi huzunguka na kufanya meanda, yaani kona kubwa zenye umbo la kitanzi. Aya moja mbele, mwanafunzi huyohuyo anaandika kwamba wakati wa mafuriko mto huvunja kwa nguvu shingo ya meanda, kile kipande chembamba cha ardhi kati ya mwanzo na mwisho wa kitanzi, na kuacha kitanzi cha zamani kiwe ziwa la upinde. Huo mto uliochoka umepata wapi nguvu ndani ya aya mbili? Nakata alama, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mwanafunzi amefundishwa hivyo.

Tuanze na kasi. Kijito cha mlimani kinapiga kelele na kutoa povu, ndiyo maana tunakidhani kina mbio. Lakini maji yake ni ya kina kifupi na yanajigonga kwenye mawe, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye msuguano. Kule chini mteremko ni mdogo, ila mto ni wa kina, kitako chake ni laini, na vijito vingi vimeshaongeza maji. Mwaka 1953 Luna Leopold, mwanahaidrolojia wa Marekani, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kasi ya wastani kwa kawaida haipungui mto unapoelekea chini. Mara nyingi huongezeka kidogo. Kinachopungua ni mteremko. Mwanafunzi anayeandika "mteremko umepungua" ameandika ukweli, na anayeandika "mto umechoka" hajaeleza chochote.

Kizuizi nacho kiondoke. Mti ulioanguka unaweza kuanzisha kona, sikatai, lakini hauhitajiki. Katika mfereji ulionyooka wenye mchanga, mafungu ya mchanga hujipanga yenyewe, moja kushoto, linalofuata kulia, na maji yanaanza kuyumba kati yake. Hata hapa vitabu vinajifanya vina uhakika kuliko vinavyostahili, kwa sababu vijito vya maji yaliyoyeyuka juu ya barafu navyo hupinda vizuri kabisa bila kubeba mchanga wa maana. Kona ya kwanza inaanzaje hasa? Wataalamu bado wanabishana. Kwa hiyo katika jibu sema tu kwamba mkondo haukai katikati, kisha uende kwenye sehemu inayojulikana vizuri.

Sehemu hiyo ni hii. Kona ikishakuwepo, maji ya juu, ambayo ndiyo yenye kasi, yanasukumwa kwenye ukingo wa nje na kujaa pale kidogo. Mjao huo unayakandamiza maji ya chini, ambayo ni ya polepole kwa sababu yanasuguana na kitako, nayo yanarudi kuelekea ukingo wa ndani. Mwaka 1926 Albert Einstein alilieleza jambo hili kwa majani ya chai: ukikoroga kikombe, majani hukusanyika katikati ya kitako badala ya kutupwa pembeni. Mtoni, maji yanakwenda mbele huku yakijisokota, yanachimba chini ya ukingo wa nje mpaka unadondoka, na kupandisha mchanga kwenye ukingo wa ndani.

Hapo ndipo linapoingia kosa la pili, nalo linanikera kuliko la kwanza kwa sababu linaonekana la akili. Wanafunzi huandika kwamba udongo uliomomonyoka ukingo wa nje huvuka mto na kutua ukingo wa ndani ulio mkabala. Mhandisi Friedkin alilipima jambo hili kwenye mito ya majaribio huko Vicksburg, Marekani, mwaka 1945. Sehemu kubwa ya mchanga uliotoka ukingoni ilitua kwenye fungu la mchanga lililofuata chini ya mto, upande uleule; ni kidogo tu kilichovuka. Chora uone: upande wa kushoto ukiwa wa nje kwenye kona hii, kwenye kona inayofuata utakuwa wa ndani. Msokoto unavuta mchanga kuelekea ndani, ndiyo, lakini mkondo unaupeleka mbele kwa haraka zaidi kuliko unavyouvusha.

Sasa shingo. Majibu mengi yanaonyesha mmomonyoko kwenye tumbo la kitanzi, yaani pale meanda inapojitokeza mbali zaidi. Huo unarefusha kitanzi. Haupunguzi shingo hata kidogo. Shingo inaliwa kutoka pande zake mbili, na kona ya juu ya mto upande mmoja na kona ya chini upande wa pili, kwa sababu shingo ndiyo ukingo wa nje wa kona zote mbili.

Tuseme mto unashuka sentimita 10 kwa kila kilomita, na kitanzi kina urefu wa kilomita 6. Basi kati ya kuingia na kutoka kitanzini maji yanashuka sentimita 60. Shingo ikibaki mita 300, njia ya mkato ina mshuko uleule wa sentimita 60 ndani ya mita 300, sawa na mita 2 kwa kilomita. Ni mteremko mkali mara 20. Mafuriko yakipanda juu ya shingo, maji yanachimba pale kwa sababu ya mteremko huo. Hilo ndilo neno ninalolitafuta kwenye jibu, na nadra kuliona.

Vicksburg hiyohiyo ina mfano mzuri. Mji huo ulikuwa kwenye kona ya Mto Mississippi, mbele yake rasi ndefu iitwayo De Soto. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Jenerali Grant lilijaribu mwaka 1863 kuchimba mfereji kuikata rasi ile ili meli zisipite chini ya mizinga ya mji. Mto ulipanda, ukavunja tuta, na kazi ikaachwa. Mwaka 1876 mto ulijikatia njia wenyewe katika rasi ileile, na mji ukabaki bila mto mbele yake. Ilibidi baadaye Mto Yazoo uelekezwe upya kwa mfereji ili bandari ipate maji.

Baada ya mkato, kitanzi hakiwi ziwa siku hiyohiyo. Maji mengi yanashika njia mpya, yale ya kwenye midomo ya kitanzi yanatulia, mchanga unatua hapohapo na kuziba miisho yote miwili. Bila plagi hizo una mkono wa mto tu, bado si ziwa.

 

Kwenye mchoro wa ziwa la upinde, weka mishale miwili ya mmomonyoko kwenye shingo, mmoja kila upande, na uandike "mchanga" kwenye midomo miwili ya kitanzi. Mchoro wa hivyo naupa alama hata kama maelezo yake ni mafupi.