Ada ya kuvunja mkataba wa intaneti mapema, na bili ya mwisho baada ya kuhama nyumba Marekani

Ada ya kuvunja mkataba mapema ni fedha ambazo kampuni ya intaneti humdai mteja aliyekubali kukaa nayo kwa muda fulani, kisha akaondoka kabla muda huo haujaisha. Nchini Marekani huonekana kwenye bili kwa jina la Early Termination Fee, mara nyingine kwa herufi tatu tu, ETF. Wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza wakishahama: wamefungasha vyombo, wamerudisha funguo kwa mwenye nyumba, na wiki chache baadaye inafika bili ya mwisho yenye mamia ya dola.

Bili hii huwashtua hasa Waswahili waliofika kutoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, na sababu iko wazi. Kwetu wengi wamezoea kulipa kwanza ndipo watumie. Unanunua bando, likiisha linakatika. Hata wenye waya wa nyumbani, mara nyingi usipolipia mwezi unaofuata huduma inasimama yenyewe na hakuna anayemdai mwenzake. Marekani mkataba wa muda hauishi kwa sababu umeacha kulipa au umetoka kwenye nyumba. Umefungwa na jina lako na tarehe, si na mlango wa nyumba. Anayehama bila kuiarifu kampuni anaendelea kuhesabiwa miezi, na akija kukatiwa kwa kutolipa, ada ya kuvunja mkataba huongezwa juu ya malimbikizo hayo.

Kampuni zinajieleza hivi: zilikupa bei ya chini, au zilisamehe gharama ya fundi aliyekuja kuunganisha, kwa matumaini kwamba utakaa mwaka mmoja au miwili. Ukiondoka mapema, hiyo nafuu inadaiwa. Ndiyo maana kwa kawaida ada hupungua kadiri muda unavyosonga. Hesabu iliyozoeleka ni kiasi fulani, dola 10 au 15, mara idadi ya miezi iliyobaki. Jambo la kuangalia kwanza, basi, ni tarehe mkataba ulipoanza, na hiyo si lazima iwe siku ulipounganishiwa intaneti. Ukiwa uliwahi kupiga simu kuomba kasi kubwa zaidi au punguzo jipya, huenda siku ile ulikubali muda mpya, na hesabu ikaanza upya.

Si kila mteja ana mkataba wa aina hii. Kampuni nyingi sasa huuza huduma ya mwezi kwa mwezi, na huko ada hii haipo kabisa. Kujua uko upande gani kumekuwa rahisi tangu tarehe 10 Aprili 2024, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilipoanza kuzitaka kampuni kubwa zionyeshe kwa kila mpango wa intaneti jedwali fupi linalofanana na lile la virutubisho kwenye pakiti ya chakula. Kampuni ndogo zilifuata tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo. Kwenye jedwali hilo kuna mstari wa Early Termination Fee na kiasi chake. Aliyejiunga kabla ya hapo atafute karatasi au barua pepe aliyopokea siku ya kujiunga.

Sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila ulazima. Kama kampuni inafika kwenye nyumba mpya, unachotaka ni kuhamisha huduma, si kuifunga. Hayo ni maombi mawili tofauti, na mfanyakazi anayepokea simu anaweza kuyachanganya: anafunga akaunti ya zamani, anafungua mpya kwa anwani mpya, na mtambo unasoma kwamba mteja mmoja amevunja mkataba na mwingine amejiunga. Dalili yake ni namba mpya ya akaunti na bili mbili katika mwezi mmoja. Ukiona hivyo, piga simu na useme wazi kwamba ulihamisha huduma, uombe ada ifutwe na muda uliokwisha kutumikia uhesabiwe. Uliza pia, kabla ya kukubali, kama kuhamisha kunaanzisha muda mpya wa mkataba, maana kwa kampuni nyingine kunaanzisha.

Kama kampuni haifiki huko unakokwenda, mambo ni tofauti. Marekani haina sheria ya shirikisho inayomwachilia kila mteja aliyehamia mahali ambapo kampuni yake haipo. Wanajeshi wanayo, wakipewa amri ya kuhama kwa siku 90 au zaidi kwenda mahali ambapo huduma yao haipatikani. Wengine wanategemea kile kilichoandikwa kwenye mkataba. (Ujerumani imelitatua hili kwa sheria: tangu tarehe 1 Desemba 2021, anayehamia mahali ambapo kampuni haiwezi kutoa huduma ya mkataba wake anaruhusiwa kuuvunja kwa taarifa ya mwezi mmoja. Naona ni haki, kwa kuwa mteja hajakataa huduma. Kampuni ndiyo isiyoweza kuitoa.) Hata hivyo mikataba mingi ya Marekani ina kifungu kinachosamehe ada katika hali hii, na hata pasipo na kifungu, kampuni mara nyingi husamehe mteja akiomba. Tatizo ni kwamba msamaha haujileti. Lazima uombwe, na uombwe kabla ya siku ya kukatiwa.

Tuchukue mfano. Familia inaishi Louisville, Kentucky, na imesaini mkataba wa miezi 24 ulioanza tarehe 1 Machi, kwa dola 60 kwa mwezi. Baba amepata kazi Des Moines, Iowa, na wanaondoka tarehe 31 Oktoba. Wametumikia miezi 8, imebaki 16. Ada ni dola 10 kwa kila mwezi uliobaki, kwa hiyo dola 160. Ruta ya kampuni imebebwa kwenye boksi la vyombo vya jikoni na haijarudishwa, na kampuni inawatoza dola 150. Upande mwingine, bili zao hulipwa mwanzoni mwa kipindi, na kipindi cha mwisho kilianza tarehe 15 Oktoba kuishia tarehe 14 Novemba. Siku 14 za Novemba walizolipia hawakuzitumia. Katika kipindi cha siku 31, hizo ni dola 27.10 za kurudishiwa. Bili ya mwisho inasomeka hivi: 160 kujumlisha 150, kutoa 27.10, jumla dola 282.90.

Ukiiangalia bili hiyo kama deni moja unakata tamaa. Ukiitenganisha, unaona ni mambo matatu yasiyohusiana, na kila moja lina jibu lake. Ruta ikirudishwa ndani ya muda uliotajwa na kampuni, dola 150 zinaondoka na kubaki 132.90. Kampuni haina waya Des Moines, na mkataba wao unasamehe ada kwa sababu hiyo. Wakithibitisha anwani mpya, 160 nazo zinaondoka. Kinachobaki ni kampuni kuwarudishia wao dola 27.10.

Hizo za kurudishiwa nazo zina mtego. Kampuni nyingine hazirudishi chochote kwa siku zisizotumika: ukifunga katikati ya kipindi, kipindi chote kimelipwa. Kama mkataba wako unasema hivyo, usipange kukatiwa siku tatu baada ya kipindi kipya kuanza, kwa sababu utakuwa umelipia mwezi mzima kwa siku tatu. Tarehe za kipindi huandikwa juu ya bili, karibu na jina lako.

Kuhusu ruta, kosa linalojirudia ni kuiacha ndani ya nyumba ya zamani ukidhani kampuni itaichukua, au kuikabidhi dukani bila kupewa karatasi. Kabla hujaifunga kwenye boksi, piga picha ya kibandiko chenye namba yake ya utambulisho. Ukiipeleka dukani, dai risiti yenye namba hiyohiyo. Ukiituma kwa posta, tunza namba ya kufuatilia mzigo. Hutokea ruta ikapokewa ghalani bila kuandikwa kwenye akaunti ya mteja, na deni likabaki. Hapo kinachofuta deni ni namba mbili zinazolingana, ya kibandiko na ya risiti.

Ushahidi wa kuhama nao uandaliwe mapema. Ingiza anwani mpya kwenye tovuti ya kampuni, na ikijibu kwamba huduma haipatikani, piga picha ya skrini ikiwa na tarehe. Kisha omba msamaha kwa njia inayoacha maandishi, yaani kwa ujumbe wa tovutini au barua pepe. Ukilazimika kupiga simu, andika jina la aliyekuhudumia na namba ya kumbukumbu ya maongezi. Ukitumia mkalimani, au mtoto wako akitafsiri, mwambie aulize swali moja kwa uwazi: "Je, ada ya kuvunja mkataba itakuwa sifuri kwenye bili ya mwisho?" Jibu la "tutaliangalia" bado si msamaha.

Kama kadi yako imeunganishwa na malipo ya moja kwa moja, kampuni inaweza kuchukua kiasi chote cha bili ya mwisho kabla hujaisoma. Kuondoa kadi kabla ya bili hiyo kutoka kunakupa nafasi ya kuikagua na kubisha, ila hakufuti deni, na tarehe ya mwisho ya kulipa inabaki palepale. Sehemu unayokubali kwamba ni halali ilipe, na sehemu unayobisha ibishie kwa maandishi.

Kampuni ikikataa kusikia, malalamiko hupelekwa FCC kupitia consumercomplaints.fcc.gov. Hakuna malipo. Ambatanisha bili, picha ya skrini na risiti ya ruta. FCC ikiyafikisha kwa kampuni, kampuni hupewa siku 30 kumjibu mteja kwa maandishi. Mara nyingi faili huhamia kwa watu wenye madaraka ya kufuta ada, ambayo mpokea simu wa kawaida hana.

Yote haya yanataka bili ikufikie, na mara nyingi haikufikii, kwa sababu imetumwa kwenye nyumba uliyohama. Ipe kampuni anwani mpya siku ileile unapoomba kukatiwa, na ujaze fomu ya kubadili anwani ya posta ya Marekani, USPS, ambayo husukuma barua zako za kawaida kwenye makazi mapya kwa miezi 12. Deni ambalo halikuonekana linaweza kupelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Ikikuandikia barua ya kuthibitisha deni, una siku 30 tangu kuipokea kulipinga kwa maandishi, na ukilipinga ndani ya muda huo lazima isimamishe kukudai mpaka ikutumie uthibitisho.