Rangi isiyotoka: makohozi ya mwezi wa pili

Mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba, aliyekuwa mwezi wa pili wa dawa za TB, aliniuliza swali lililonikwamisha kidogo: "Dokta, kikohozi kimeisha, kilo zimerudi, dawa sijaruka hata siku moja. Mbona mnasema wadudu bado wamo?"

Nilikuwa nimetoka kusoma slaidi yake. Makohozi nayapaka kwenye kioo, nayakausha na kuyapitisha motoni yagande. Kisha nayafunika kwa rangi nyekundu ya kabolifuksini na kupasha kwa chini mpaka mvuke ufuke, bila kuchemka, halafu naacha dakika 5. Moto huo ndio ufunguo. Ukuta wa bakteria wa TB umejaa asidi za maikoli, mafuta marefu yanayofanana na nta. Ni kama samli iliyoganda asubuhi ya baridi: ipashe, italegea na rangi itazama. Ikipoa, rangi imefungiwa ndani. Nikimwaga spiriti yenye asidi kwa dakika 3, bakteria wengine wengi na seli zote hufuliwa weupe. Wa TB hung'ang'ania wekundu wao. Namalizia na bluu ya methilini kwa dakika 1, nao huonekana kama vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu. (Suuza kwa maji safi ya maabara. Maji ya bomba au ya ziwa huweza kuwa na jamaa zao wasio na madhara, nao hushika rangi vilevile.)

Kwa mama yule nilihesabu vijiti 6 katika maeneo 100 niliyoyatazama kwa darubini. Ni wachache, lakini wapo.

Tatizo ni kwamba rangi hushika ukuta, haiulizi kama mwenye ukuta yu hai. Maiti wa TB hubaki na koti lake kwa wiki nyingi.

Koti hilohilo ndilo linalochelewesha tiba, ingawa si peke yake. Dawa nyingi hupenya kwa shida, na chakula pia, hivyo bakteria hugawanyika mara moja kwa saa 20 hivi, wakati wale wa kuharisha hugawanyika kila dakika 20. Isoniazidi huua kwa kuzuia ujenzi wa hiyo nta, na ethambutoli huzuia tabaka la chini yake. Lakini fundi aliyelala hajengi, kwa hiyo dawa haimkuti kazini. Wapo wanaolala hivyo mapafuni, wakiamka mmojammoja. Ndiyo maana tunatoa dawa nne miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi miezi 4.

Nilimwambia, "Mama, inawezekana ninaowaona ni mizoga. Darubini haijui. Tuoteshe, tuone kama wapo walio hai."

Makohozi yake tuliyapeleka kuoteshwa, naye akaendelea na vidonge. Wiki ya nane jibu likarudi: hakuna kilichoota.